Shamba Moja, Ndimi Mbili: Tangazo la Kimulot Linapomfikia Mnunuzi wa Ughaibuni

Anayeuza shamba la chai Kimulot siku hizi haongei na jirani yake peke yake. Tangazo likiandikwa asubuhi kwa Kiswahili, mchana mtu huligeuza Kiingereza, na kufika jioni limekwisha kuwafikia Wakenya walioko Marekani, Uingereza na Ghuba. Hapo ndipo simu zinapoanza. Mbona Kiswahili kinasema ekari mbili na Kiingereza kinasema 1.95? Mbona huku dipositi ni nusu ya bei na kule ni asilimia kumi? Bonasi ya chai ni ya nani? Wengi wakikuta tofauti hizo hudhani wametapeliwa, na wapo waliotapeliwa kweli. Lakini tofauti nyingi za aina hii hazina tapeli nyuma yake. Watu wawili waliandika matoleo mawili kwa nyakati mbili, kila mmoja akiamini amesema lilelile.

Swali basi ni hili: tangazo la shamba litafsiriwe vipi ili Kiswahili na Kiingereza viwe wazi, kila kimoja kwa msomaji wake, bila bei na masharti kupishana? Majibu yapo zaidi ya moja, na kila jibu lina gharama yake.

Matoleo mawili, familia moja

Kimulot ni wadi katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, kwenye ukanda wa chai unaoungana na Kericho. Wakulima wadogo hupeleka majani yao kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA, na jirani zao ni mashamba makubwa ya kampuni. Nyumbani wengi huzungumza Kikipsigis. Kiswahili ni cha sokoni na cha kuelewana na mgeni. Kiingereza ni cha hatimiliki, cha wakili na cha fomu za ofisi ya ardhi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi sawasawa, ila kwenye kabati la msajili wa ardhi usawa huo hauonekani sana.

Fedha za ughaibuni ndizo zilizoipa tafsiri hii uzito. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani mwaka 2024. Sehemu ya fedha hizo huishia kwenye ardhi, na mnunuzi wa namna hiyo mara nyingi hulipa kabla hajalikanyaga shamba.

Kuna dhana iliyozoeleka kwamba toleo la Kiingereza ni la mnunuzi aliye mbali na toleo la Kiswahili ni la watu wa hapa, kwa hiyo kila moja liende njia yake. Dhana hii ndiyo mzizi wa vurugu. Anayesoma Kiingereza huko Minesota baada ya zamu ya usiku ana kaka huko Mogogosiek, hapohapo Konoin, au mama, au binamu, ambaye amemtuma akalione shamba. Kaka anatembea kati ya mistari ya chai na tangazo la Kiswahili mkononi. Jioni wanapigiana simu na kulinganisha. Ni familia moja inayosoma matoleo mawili kwa wakati mmoja, na neno lolote lililopishana litajitokeza kwenye simu hiyo.

Njia tatu zinazoshindana

Wapo wanaosema Kiingereza kitoshe. Mkataba utakuwa wa Kiingereza, matokeo ya upekuzi wa hati yatakuwa ya Kiingereza, na fomu ya kuomba idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi pia. Usipotafsiri hukosei. Hoja hii ina nguvu kuliko wapenzi wa Kiswahili wanavyopenda kukiri. Udhaifu wake ni kwamba haiondoi tafsiri, inaisogeza tu mahali pasipoonekana. Muuzaji mzee asiyesoma Kiingereza ataelezwa kwa mdomo yaliyoandikwa kwa jina lake. Kaka aliyetumwa ataelezwa kwa simu. Tafsiri itafanyika vilevile, ila itafanywa kwa kumbukumbu na hakuna atakayeweza kuikagua baadaye.

Wengine wanataka kila toleo liandikwe upya kwa mdundo wa lugha yake. Hawa hutoa matangazo yanayosomeka vizuri, na mara nyingi dalali huwapenda. Shida ni kwamba uhuru wa maneno huvuka ukaingia kwenye masharti. Ukanda huu unapakana na msitu wa Mau Kusini-Magharibi. Toleo la Kiingereza lililoandikwa kwa uhuru litausifu mwonekano wa msitu na hewa yake safi. La Kiswahili, kwa kuwa mwandishi anajua kaka atauliza, litasema shamba limepakana na msitu na mpaka wake umepimwa, au litanyamaza kabisa. Mmoja ameuziwa mandhari. Mwingine ameonywa kuhusu mpaka. Yeyote anayefahamu historia ya kuondolewa kwa watu Mau anajua ni lipi kati ya hayo mawili ambalo mnunuzi alistahili kulisikia kwanza.

Wa tatu hushika tafsiri ya neno kwa neno. Sifa yake ni kukagulika: kila sentensi ina mwenzake. Lakini maneno ya biashara ya ardhi hayalingani hivyo. Muuzaji akiandika "bei ya maelewano", mtafsiri hulibandika neno la Kiingereza linalomaanisha bei iliyokwisha kukubaliwa, ilhali muuzaji alimaanisha bei ambayo bado inazungumzika. Akiandika kwamba wanaotaka kuona shamba wafike saa nne, mtafsiri mvivu huweka nne ya Kiingereza, na mnunuzi aliyepanga kutazama kwa simu ya video hukosa miadi kwa saa sita kamili.

Njia zote tatu zina kosa moja la pamoja. Zinaanzia kwenye maneno, wakati ugomvi huanzia kwenye namba na masharti.

Namba ndizo hupotea kwanza

Tuchukue tangazo la kutungwa, lakini la namna inayofahamika: shamba la chai Kimulot, ekari mbili, milioni moja nukta tatu kwa ekari. Mnunuzi anazidisha na kupata shilingi 2,600,000. Kisha wakili anafanya upekuzi, na hatimiliki inasema takriban hekta 0.79. Hatimiliki za Kenya huandika eneo kwa hekta, wakati watu huuza kwa ekari. Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo hekta 0.79 ni ekari 1.95. Kwa bei ile ya ekari, jumla sasa ni 2,535,000. Shilingi 65,000 zimeingia shakani bila mtu yeyote kusema uongo.

Hapo mtafsiri hana njia ya kurekebisha kwa ufundi wa lugha. Akiandika "ekari mbili" kwa Kiswahili na 1.95 kwa Kiingereza kwa sababu alipoandika Kiingereza alikuwa ameiona hati, amezalisha matangazo mawili ya mashamba mawili. Dawa ni kuandika katika lugha zote mbili namba ya hati kwanza, kisha ekari kama makadirio, kisha kueleza kama bei ni ya shamba zima au ya kila ekari. Uamuzi huo wa mwisho ni wa muuzaji, na ni lazima aulizwe. Bei ya shamba zima huua mabishano ya vipimo, lakini humnyima mnunuzi punguzo eneo likipungua. Bei ya kila ekari humlinda mnunuzi, lakini hulazimu mpimaji kuja kabla ya kulipa. Tukumbuke pia kwamba mipaka ya mashamba mengi ya vijijini ni ya jumla tu kisheria, si ile iliyothibitishwa kwa vipimo kamili. Neno "takriban" lililo kwenye hati lisidondoshwe katika tafsiri kwa kuonekana pambo.

Mtego wa aina hiyohiyo upo kwa viwanja vidogo vya sokoni. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina futi za mraba 5,000. Moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445. Watu huvitaja viwili hivi kana kwamba ni kimoja, Kiswahili kikishika "hamsini kwa mia" na Kiingereza kikishika "moja ya nane".

Halafu kuna jinsi namba zinavyotamkwa na kuandikwa. Kiswahili kina utata wa zamani: "elfu mia mbili na tano" inaweza kuwa 205,000 au 200,005. Msikilizaji wa sokoni hupata maana kwa muktadha, lakini anayetafsiri kutoka ujumbe wa sauti hana uhakika huo. "Laki mbili na elfu tano" haina shaka. Kwenye maandishi, tarakimu ziwekwe kamili na kufuatwa na maneno. Vifupisho kama 2.6M viachwe, maana Mkenya anayeishi Ujerumani amezoea nukta kuwa kitenganishi cha maelfu, na huko milioni mbili na laki sita huandikwa 2.600.000. Neno "shilingi" peke yake pia halitoshi. Tangazo la Kiswahili likifika Dar es Salaam au Kampala, au kwa Mtanzania aliye Muskati, shilingi ni nyingine kabisa. Alama ya sarafu iwe ileile kwenye matoleo yote mawili: `KES 2,600,000`.

Dola iandikwe au isiandikwe?

Madalali wengi hupenda toleo la Kiingereza liwe na bei ya dola, kwa hoja kwamba mnunuzi wa Marekani hufikiri kwa dola. Wanaopinga husema shamba limo Kenya, ushuru hulipwa kwa shilingi, na muuzaji atapokea shilingi.

Miezi ya kwanza ya 2024 iliutatua ubishi huu kwa njia ya maumivu. Mwezi Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Shamba letu la 2,600,000 lilikuwa dola 16,250 kwa kiwango cha kwanza, na dola 20,000 kwa kiwango cha pili. Tangazo la Kiingereza lililoandikwa Januari kwa dola, na la Kiswahili kwa shilingi, lilikuwa limeachana kwa dola 3,750 kabla ya mwaka kufika nusu, na hakuna aliyegusa herufi hata moja.

Dola zina faida moja ya kweli: zinamsaidia msomaji kujua kama shamba liko ndani ya uwezo wake. Faida hiyo inaweza kubaki bila hatari, mradi bei iwe ni shilingi katika lugha zote mbili na dola zitajwe kuwa makadirio, pamoja na kiwango na tarehe. Makadirio hayo yawekwe kwenye matoleo yote mawili au yaachwe kwenye yote mawili. Kaka aliye Mogogosiek naye anahitaji kuona kile anachokiona mwenzake. Tarehe yenyewe iandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa msomaji wa Kenya na Machi 4 kwa aliyezoea kalenda ya Marekani, na muda wa ofa unaweza kuonekana umekwisha kabla haujaisha.

Amana, arubuni, dipositi

Katika tangazo zima, neno linalohitaji uangalifu kuliko mengine ni lile la malipo ya kwanza. Kiingereza kina neno moja ambalo Wakenya tumelifanya "dipositi". Kiswahili kina maneno kadhaa yenye tabia tofauti. Amana ni kitu kilichowekwa kwa uaminifu na kinachotarajiwa kurudishwa. Arubuni ni fedha ya kufunga biashara, na kwa desturi ya biashara ya pwani anayejitoa huipoteza. "Malipo ya kwanza" hayasemi lolote kuhusu kurudishwa.

Mtafsiri akiandika "amana" kwa sababu kamusi imempa neno hilo, kaka atamwambia mnunuzi kwamba fedha zitarudi wakighairi. Muuzaji, aliyekuwa na arubuni kichwani, hatarudisha. Mkataba wa wakili utakuwa na utaratibu wa tatu. Mikataba mingi ya ardhi Kenya hufuata masharti ya uuzaji ya Chama cha Mawakili, ambapo desturi ni asilimia 10 wakati wa kutia sahihi na salio ndani ya siku 90. Kwa shamba letu ni 260,000 kwanza, kisha 2,340,000. Muuzaji aliyezoea kuuziana na jirani huandika "nusu sasa, nusu baadaye", na mtafsiri mwenye uzoefu wa mikataba hushawishika "kumrekebisha" kimyakimya kwenye Kiingereza. Hilo ni kosa hata kama asilimia 10 ni sharti jema zaidi. Amrudie muuzaji, amweleze, wakubaliane, ndipo matoleo yote mawili yabadilishwe pamoja.

Njia salama ni kuacha kutafuta neno moja na kuandika sentensi: kiasi gani, kinalipwa lini, kinashikwa na nani, na kinarudishwa katika hali ipi. Sentensi hiyo hutafsirika bila taabu. Neno moja ndilo linaloleta matata.

"Hati iko tayari"

Muuzaji husema hati iko tayari. Kiingereza cha matangazo ya Kenya nacho kina kauli yake ya namna hiyo. Lakini tayari kwa nini? Inaweza kumaanisha hatimiliki imeshatoka kwa jina la muuzaji. Inaweza pia kumaanisha imetoka kwa jina la marehemu baba na urithi haujagawanywa, au kwamba ni ya shamba kubwa linalosubiri kukatwa. Mtafsiri asilitafsiri neno "tayari". Aulize hati ni kwa jina la nani, na aandike jibu. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa yake nayo hutakiwa kwa mali ya ndoa chini ya sheria ya 2013, na kuitaja ndani ya tangazo huokoa safari ya wakili.

Namba ya ardhi ndiyo sehemu ambayo mtafsiri hodari anaweza kuharibu kwa nia njema. Namba nyingi za mashamba ya Bomet bado zinaanza na neno Kericho, kwa kuwa usajili wake ni wa kabla ya Bomet kumegwa kuwa wilaya mwaka 1992. Anayetafsiri akiona tangazo linasema Kaunti ya Bomet na namba inasema Kericho, hupata hamu ya kusawazisha. Akisawazisha, upekuzi hautaleta kitu, na mnunuzi aliye mbali atahitimisha kwamba shamba halipo. Namba ya ardhi si maneno ya kutafsiriwa. Inanakiliwa kutoka kwenye hati pamoja na mikwaju yake, na chini yake panaongezwa mstari wa kueleza kwamba shamba lenyewe liko Bomet.

Kuna pia idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Chini ya Sura ya 302, uuzaji wa ardhi ya kilimo huhitaji idhini hiyo, na ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Idhini isipopatikana makubaliano huwa batili, na fedha zilizolipwa hudaiwa kama deni. Sheria hiyo inaielekeza bodi kukataa pale ambapo ardhi inakwenda kwa asiye raia wa Kenya. Kwa msomaji wa ughaibuni, sharti hili linauma kuliko bei. Mkenya aliyechukua uraia wa Marekani au Uingereza kabla ya Agosti 27, 2010 alipoteza ule wa Kenya, na Katiba mpya inampa haki ya kuurejesha kwa kuomba. Haurudi wenyewe. Mwingine anataka kuandikisha shamba kwa jina lake na la mume wake Mjerumani. Kwa ardhi ya kilimo, jina hilo la pili linaweza kukwamisha lote.

Matangazo mengi ya Kiingereza huliruka jambo hili kwa kuhofia kumfukuza mteja, na ya Kiswahili huliruka kwa sababu kaka wa Mogogosiek ni raia na halimhusu. Matokeo ni kwamba anayelihitaji zaidi halioni popote. Mstari mmoja unatosha, kwa lugha zote mbili: shamba ni la kilimo, mnunuzi awe raia wa Kenya wakati wa kuomba idhini ya bodi.

Majani, namba ya mkulima na bonasi

Shamba la chai halihami kama shamba tupu. Lina mashina yanayochunwa, namba ya mkulima kiwandani, huenda pia hisa za kampuni ya kiwanda, na malipo ambayo hayajaingia. KTDA hulipa kila mwezi kwa kilo, kisha hulipa bonasi baada ya mwaka wa hesabu unaofungwa Juni 30, kwa kawaida kuelekea Oktoba. Shamba likiuzwa Agosti, majani yaliyozaa bonasi yalichunwa na kupelekwa senta na muuzaji, lakini fedha zitatoka wakati shamba ni la mwingine.

Tangazo la Kiswahili likisema "shamba na chai yake", jirani anaelewa mashina. Mtafsiri akiliongezea Kiingereza maneno yenye maana ya mapato yote, mnunuzi wa Minesota ataingiza bonasi ya Oktoba kwenye hesabu zake. Kila upande una hoja. Muuzaji amefanya kazi ya mwaka mzima. Mnunuzi amelipa bei iliyopandishwa na mashina yaliyokomaa. Tangazo si mahali pa kuamua nani ana haki, ila ni mahali pa kusema tarehe. Majani yaliyopelekwa hadi siku fulani, na bonasi yake, ni ya muuzaji, na yanayofuata ni ya mnunuzi. Namba ya mkulima na hisa ziandikwe kando, kwa kuwa hisa zina daftari lake na hazifuati hatimiliki.

Idadi ya mashina nayo ni kipimo cha ukweli ambacho tafsiri inapaswa kukilinda. Kwa nafasi ya futi 4 kwa 2.5, ekari moja hubeba mashina 4,356. Tangazo linalodai ekari moja na nusu ya chai na mashina 10,000 lina kosa mahali fulani, na mtafsiri ndiye mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kuliona, kwani ndiye anayesoma kila namba mara mbili.

Karatasi ya msingi

Baada ya kupima yote haya, njia ya nne inajitokeza, nayo haianzi na lugha yoyote. Kabla ya tangazo kuandikwa, muuzaji na mwandishi hujaza karatasi moja ya namba na masharti, kwa lugha anayoielewa muuzaji, na muuzaji huitia sahihi. Kwa shamba letu ingesomeka hivi:

Toleo la 1, 14 Mei. Shamba la chai, Kimulot, Kaunti ya Bomet. Namba ya ardhi: kama ilivyo kwenye hati. Eneo: takriban hekta 0.79 (kama ekari 1.95). Chai: kama ekari 1.5, mashina 6,500. Bei ya shamba zima: `KES 2,600,000` (milioni mbili na laki sita), inazungumzika. Malipo: 260,000 wakati wa kutia sahihi, yanashikwa na wakili na kurudishwa bodi ikikataa. Salio 2,340,000 ndani ya siku 90. Ushuru wa stempu haumo ndani ya bei, analipa mnunuzi. Majani ya hadi Juni 30 na bonasi yake ni ya muuzaji. Mnunuzi awe raia wa Kenya.

Matoleo mawili hutokana na karatasi hii, si moja kutokana na lingine. Maneno ya kueleza mteremko, barabara, maji na umbali wa senta yanaweza kuandikwa kwa uhuru wa kila lugha. Mistari ya karatasi hainyumbuliki, na hufuatana kwa mpangilio uleule.

Mstari wa ushuru wa stempu hauko pale kwa bahati. Kwa ardhi ya vijijini ni asilimia 2 ya thamani atakayokubali mthamini wa serikali, kama 52,000 kwa bei hii, na mjini ni asilimia 4. Matangazo ya Kiingereza yanayosema bei imejumuisha yote, wakati ya Kiswahili hayasemi kitu, hugombanisha watu kwa kiasi hicho hasa.

Ukaguzi wa matoleo hayo mawili ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Ondoa maneno yote, bakiza tarakimu peke yake kutoka kila toleo, zipange kwa mfuatano. Orodha mbili zifanane kabisa. Saa ya miadi iandikwe kwa tarakimu za saa 24 kwenye zote mbili, yaani 10:00, huku Kiswahili kikiongeza saa nne asubuhi. Kisha mtu ambaye hakuona karatasi asome Kiingereza na kumweleza muuzaji kwa mdomo anachoahidi. Muuzaji akisema "sikusema hivyo", kosa limepatikana kabla halijafika Minesota. Bei ikishuka, matoleo yote mawili hupewa namba mpya na tarehe mpya siku ileile, kwa sababu la zamani litaendelea kuzunguka kwenye simu za watu na hakuna wa kuliita lirudi.

Karatasi hii ina gharama. Inachukua nusu siku, inamlazimu dalali kuuliza maswali asiyoyapenda, na muuzaji mwenye haraka ataiona kama urasimu. Pia hailindi mtu dhidi ya mwongo, kwa kuwa mwongo anaweza kuitia sahihi. Inachoweza ni kuutenga uongo na kosa la tafsiri, ili familia ikikuta tofauti ijue inatazama nini.

Lugha ipi ishinde?

Wapo wanaotaka mstari wa mwisho useme kwamba matoleo yakitofautiana Kiingereza ndicho kitafuatwa. Wana mfano mkubwa: Ibara ya 259 ya Katiba yenyewe inasema matoleo yake ya lugha mbalimbali yakipingana, la Kiingereza ndilo lishike. Kwa katiba, ambayo lazima mahakama ipate jibu moja, hoja hiyo inasimama. Kwa tangazo la shamba haisimami. Tangazo si mkataba. Kisheria mkataba wa ardhi ni ule ulioandikwa, ukatiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Kuipa lugha moja ushindi kwenye tangazo ni kumwambia mzee wa Kimulot kwamba alichokisoma hakina uzito, na kumpa mtafsiri ruhusa ya kutojali tofauti.

Ninavyoona, mstari huo uandikwe hivi katika lugha zote mbili: matoleo haya yametoka kwenye karatasi moja iliyotiwa sahihi na muuzaji, ukiona tofauti usilipe, uliza. Mnunuzi aliye mbali aombe karatasi hiyo kabla ya kutuma hata shilingi moja, na akiambiwa haipo, basi amwambie kaka yake arudi nyumbani.